Nafungua belo langu la kwanza laivu Jumamosi: nisaidieni maneno ya kusema

Zuhura_blauzi

Wakuu habari za jioni. Nimeuza mitumba ya kuchagua kwa mwaka na zaidi, yaani nanunua vipande kwa wenye belo kisha nauza mtandaoni kwa picha. Safari hii nimejikusanya nikanunua belo zima, blauzi za kike, kilo 45, halijaguswa. Jumamosi jioni nataka kulifungua laivu mbele ya kamera, watu waone nakata mikanda mbele yao na wachukue hapohapo. Wateja wangu ni wasaka bei chee. Wakiona kitu kizuri kwa bei nafuu hawaulizi mara mbili, na wakihisi wanachezewa wanaondoka bila kuaga.

Nimeandika maneno ya kufungulia, ni haya: "Karibuni wapenzi wangu, leo ni moto! Belo jipya, gredi A tupu, kila kitu kipya kama cha dukani, bei za kutupa! Haya nafungua sasa hivi!" Kisha nakata, natoa moja moja na kutaja bei.

Nayaona hayatoshi ila sijui yanapungukiwa nini. Laivu nimepanga masaa mawili. Naombeni mnirekebishe bila kunionea haya.

Chapa_Jioni

Dada, cha kwanza weka bei moja kwa vipande vyote. "Blauzi yoyote leo ni bei hii." Ukianza kutaja bei tofauti kila kipande, watu wanakuuliza bei, unajibu, mwingine anauliza tena, dakika zinaisha. Bei moja inakimbia. Mimi nauza tisheti hivyo na sina matatizo.

Mkanda_wa_belo

Zuhura, kama belo lina kamera nyingi usizipeleke laivu kabisa. Kamera huwa zinabebwa mapema na wenye maduka, wanalipa vizuri na hawasumbui. Laivu peleka za kati na fagia, zile za daraja la chini.

Zuhura_blauzi

@Mkanda_wa_belo nimekuelewa, ila mimi nilimaanisha kamera ya simu, kufungua mbele ya simu watu wakiwa wanaangalia. Kuhusu vipande vya daraja la kwanza bado sijaamua.

Mkanda_wa_belo

Ahaa, samahani. Lakini neno langu libaki palepale, lifikirie.

Bi_Mwanahawa

Mwanangu Zuhura, nimefungua mabelo kwa miaka mingi sokoni, na miaka ya karibuni nafungua mbele ya simu. Nianze na maneno yako. Umeahidi kitu usichokijua. Hujaona ndani ya belo, utasemaje gredi A tupu? Kipande cha tatu kikitoka na doa la kwapa, kila aliyekusikia anajua umesema uongo, na kuanzia hapo hata bei yako haiamini. Msaka bei chee haogopi doa. Anaogopa doa ambalo hukumwambia.

Kinachomleta ni kuona belo likiwa bado limefungwa. Ameshazoea kusikia kwamba wauzaji wanafungua usiku, wanatoa nzuri, wanafunga tena na kuja kujifanya wanakata. Kwa hiyo dakika zako za mwanzo zote zitumie kuthibitisha hilo moja. Lizungushe belo pande zote mbele ya simu. Onyesha mikanda yote ikiwa imekaza, onyesha mshono wa gunia, soma lebo kwa sauti, kisha liweke kwenye mizani. Uzito usomeke. Hapo hujasema neno hata moja la sifa na watu wamekaa.

Usikate dakika ya kwanza. Laivu inajaa polepole, ukikata mapema wanaokuja wanakuta lundo la nguo sakafuni na hawana sababu ya kuamini lilikuwa limefungwa. Mimi nakata kama dakika ya nane hivi. Nikipitisha kumi naona watu wanaanza kupungua.

Maneno yenyewe mimi nayasema hivi, wewe uyageuze yawe ya kinywa chako:

"Karibuni. Hili ni belo la blauzi za kike. Mkanda huu, huu, huu, na huu, hakuna uliokatwa. Lebo inasema kilo 45, na mizani mnaiona wenyewe. Sijui kilichomo ndani, tutakijua pamoja. Vizuri vitakuwemo, vya kawaida vitakuwemo, na vibovu vitakuwemo. Kibovu nitakionyesha na nitasema kibovu. Hakuna kipande kitakachotoka nje ya simu hii mpaka kipate mwenyewe."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayouza. Na ukishaisema uitimize. Dada yako akipita nyuma akachomoa moja akaenda nayo chumbani, umekwisha.

Kukata nako kuna namna. Usitumie wembe wala kisu kirefu kwa kuchana kutoka juu kwenda chini. Nguo zimebanwa mpaka zinagusa gunia, utachana blauzi tatu za juu usizijue mpaka mteja akulalamikie. Tumia mkasi, ingiza makali ya chini kati ya mkanda na gunia, kata mkanda tu. Na ukae ubavuni, usisimame mbele yake, mkanda uliokazwa ukikatika unaruka. Weka kitambaa juu ya pale unapokata. Gunia fumua mshono, usilipasue.

Zuhura_blauzi

Bi Mwanahawa, shikamoo. Asante sana. Hilo la "sijui kilichomo" lilikuwa linanitisha, nilidhani watu watakimbia.

Bi_Mwanahawa

Marahaba. Watakaokimbia ni wachache. Wanaobaki ni wanunuzi.

Lubega_hesabu

Ninachokiona hapa ni muda, na hakuna aliyeugusa. Chukua blauzi zako kumi za kabatini uzipime pamoja. Zangu za mke wangu zimetoka kilo 1.9. Kwa uzito huo kilo 45 ni kama vipande 237. Masaa mawili ni dakika 120. Ukitoa dakika za kuthibitisha belo, kukata na kuweka sawa, unabaki na kama 95. Kipande kimoja kukiinua, kukigeuza, kukipima kwa futi na kukitaja bei ni dakika moja ukiwa mwepesi. Kwa hiyo hutaonyesha hata nusu ya belo. Maneno yoyote utakayoandika lazima yaanze na hapo: ni vipande gani 95 vitaonekana?

Sasa bei. Usihesabu kwa vipande 237, maana vibovu vimo. Hesabu kwa 200. Chukua gharama yote ya belo pamoja na usafiri, gawa kwa 200, jibu liite fungu moja. Belo linakudai mafungu 200. Tuseme daraja la kwanza unauza mafungu matatu, la kati moja na nusu, fagia nusu fungu. Ukiuza 40 za kwanza umepata 120. Zinabaki 80, ambazo ni kama vipande 54 vya kati. Yaani vipande 94 vinavyolipwa ndipo mtaji unarudi. Na wewe unaonyesha 95. Hakuna laivu ambayo kila kinachoonyeshwa kinanunuliwa.

@Chapa_Jioni bei moja inaokoa muda kweli, hapo uko sahihi. Lakini tisheti zinafanana. Blauzi ukiweka bei moja, nzuri zinaondoka dakika kumi za kwanza kwa bei ya kati na unabaki na lundo ambalo bei hiyohiyo ni ghali kwake. Bei tatu zinatosha, ziandike kwenye karatasi tatu za rangi tofauti, ukutani nyuma yako. Ukiinua kipande unasema "njano", basi.

Chapa_Jioni

Sawa, rangi nimeipenda. Ila bado nasema tatu ndiyo mwisho, usizidishe.

Neema_wa_mbali

Mimi ni mnunuzi tu, si muuzaji. Niwaambie yaliyonikuta, labda yatamsaidia Zuhura. Kuna mtu nilinunua kwake laivu blauzi ya krimu. Alipokuwa akiionyesha taa yake ilikuwa ya njano, kila kitu kilionekana krimu. Ilipofika nyumbani ilikuwa nyeupe iliyofifia, na kwenye kola ina mstari wa jasho. Saizi alisema "12" akasoma lebo. Mimi navaa 12 ya lebo za Uingereza, ile ilikuwa ya Marekani, ikanipwaya kabisa. Nilimwandikia akanijibu "mtumba haurudishwi". Sikurudi kwake tena, na nilikuwa nanunua kila wiki.

Kwa hiyo ukifanya laivu, naomba futi. Kwapa hadi kwapa, na urefu kutoka begani. Hayo mawili tu yananitosha.

Bi_Mwanahawa

Neema amesema kweli tupu. 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya nchi za Ulaya bara, na kwenye belo moja zote zinaweza kuwemo. Zaidi ya hayo nguo imefuliwa mara nyingi, lebo inasema moja na kitambaa kimekuwa kingine. Usisome lebo kabisa. Bandika futi mezani, ilaze blauzi juu yake, inasomeka yenyewe. Sekunde tano.

Taa, tumia mwanga mweupe, na weka karatasi nyeupe pembeni ionekane muda wote. Karatasi ikionekana ya njano na blauzi imedanganya.

Na mpangilio wa macho ni huu: kola, kwapa, vifungo au zipu, kisha inyanyue ielekee taa. Tundu dogo la nondo halionekani nguo ikilala, likipata mwanga nyuma linang'aa. Fanya hivyo kwa kila kipande bila kuruka. Ukiona doa, lisogeze karibu na simu: "Doa hapa, kwapa la kulia, kubwa kama ukucha. Imeshuka kutoka njano kwenda bluu." Utashangaa ni nani anaichukua. Kuna watu wanajua kutoa madoa, hao wanakusubiri.

Kijana_wa_simu

Naongezea la ufundi. Laivu inachelewa. Ukisema "nani anataka namba 14", mtazamaji anakusikia sekunde kadhaa baadaye, na kila mmoja anachelewa kivyake kutegemea mtandao wake. Kwa hiyo watu wawili wote wataapa kwamba walikuwa wa kwanza. Tangaza mapema kabisa kwamba anayehesabika ni yule wa kwanza kuonekana kwenye skrini ya simu moja, ile anayoshika msaidizi wako. Skrini ya msaidizi isibadilishwe katikati.

Wafundishe kuandika neno moja na namba: NACHUKUA 14. Anayeandika "nzuri hiyo" au "bei gani" hajachukua. Namba ziwe zimebandikwa kwenye pini kabla, 1 mpaka 100, msaidizi anabana pini kwenye nguo wewe ukiishika. Kuandika namba wakati uleule ndiko kunakoharibu kasi.

Zuhura_blauzi

Msaidizi ninaye mmoja, mdogo wangu. Anatosha?

Kijana_wa_simu

Mmoja wa kuangalia komenti na kuandika daftari. Pini utabana mwenyewe. Ukimpa yote mawili atakosea majina.

Mkanda_wa_belo

Sasa nirudi kwenye hoja yangu maana Lubega amenisaidia bila kujua. Kama unaonyesha 95 kati ya 237, basi chambua kwanza. Kata laivu, zima, chambua lisaa, rudi na lundo tatu. Utaonyesha nzuri na za kati, pesa inarudi. Ukitoa moja moja kama inavyokuja, nusu ya muda wako utaonyesha fagia.

Bi_Mwanahawa

Akizima, ile sentensi ya "hakuna kipande kitakachotoka nje ya simu" imekufa.

Mkanda_wa_belo

Mama yangu, nakuheshimu, lakini sentensi hailipi belo.

Bi_Mwanahawa

Inalipa la pili na la tatu. Achambue hapohapo mbele yao, haraka, bila kutaja bei. Avute, aangalie, atupe kwenye kapu moja kati ya matatu. Wakati huo watu wanaona nzuri zikipita na wanaanza kuandika "ile ya maua, ile ya maua!" Hamu inajengeka. Dakika kumi na tano, hata kama hajamaliza belo lote.

Mkanda_wa_belo

Dakika kumi na tano kwa vipande mia mbili na kitu, hapo hachambui, anarusha. Kwapa ataliona saa ngapi?

Bi_Mwanahawa

Kwapa ataliona wakati wa kuuza. Kuchambua kwa kwanza ni kwa jicho na kiganja: kitambaa, mtindo, rangi. Kipande kikija kuonekana kina kasoro kinashuka kapu.

Lubega_hesabu

Dakika hizo kumi na tano zitoke kwenye ile 95, msisahau.

Zuhura_blauzi

Nimechukua yote haya nimeandika upya. Sehemu ya kuuza itakuwa hivi, niambieni kama inasemeka kwa haraka:

"Namba 14, kapu la njano. Kitambaa cha pamba, mikono mirefu. Kwapa hadi kwapa inchi 21, urefu inchi 26. Kola safi, kwapa safi, kifungo cha chini hakipo. NACHUKUA 14." Kimya, nahesabu tatu, mdogo wangu anataja jina, naikunja, naendelea.

Asiyelipa ndani ya nusu saa namba inarudi kapuni na nitaitangaza tena. Hilo nitalisema mwanzoni na katikati, kwa ajili ya wanaochelewa kuingia.

Neema_wa_mbali

Inasemeka. Ongeza neno la kufua. Nguo za belo zina ile harufu yake, mtu asiyezoea akifungua mfuko anadhani umemtumia kitu kibovu.

Bi_Mwanahawa

Na mikunjo. Zimebanwa miezi. Sema kwamba hazijapigwa pasi.

Zuhura_blauzi (Jumapili)

Nimerudi na majibu kamili, mazuri na yasiyo mazuri.

Mizani ilisoma kilo 45 kamili, hapo watu walianza kuita wenzao. Nilikata dakika ya tisa. Nilichambua kwa dakika kumi na saba, nyingi kuliko nilivyopanga, kwa sababu watu walikuwa wananiomba nirudishe kipande wakitazame. Mara mbili nilikubali, nikaona muda unakwenda, nikakataa.

Leo asubuhi nimehesabu vyote. Vipande 231. Vya kwanza 41, vya kati 118, fagia 58, na 14 ni vya kufanya matambara. Nilionyesha laivu karibu 90. Walioandika NACHUKUA na msaidizi akawakubali ni 58: vya kwanza 27 na vya kati 31. Mpaka asubuhi hii tisa hawajalipa, vitano kati ya hivyo ni vya kwanza. Ile kanuni ya nusu saa niliitangaza mwanzoni tu. Katikati nilisahau, na nilipotaka kurudisha vile vipande laivu ilikuwa imeisha.

Fagia niliuza mwishoni kwa mafurushi ya kumi kumi, bei ya mafungu matano furushi, bila kuonyesha kipande kimoja kimoja, nikasema wazi "hizi sijazikagua". Mafurushi manne yalichukuliwa chini ya dakika tano. Sikutegemea.

Kwa hesabu ya Lubega, iliyoingia ni mafungu 126 na nusu kati ya 200.

Lubega_hesabu

Umebakiwa na 19 vya kwanza na 91 vya kati. Mtaji utarudi, ila hautarudi kwa laivu ile moja. Hizo 19 ziweke kwa picha kama ulivyozoea, mafungu matatu yaleyale, usizishushe.

Lililonishtua ni fagia. Mafungu 20 ndani ya dakika tano. Hakuna dakika nyingine ya laivu yako iliyoingiza hivyo. Yangekuja katikati, watu wakiwa wengi, labda yote matano yangeondoka.

Mkanda_wa_belo

Na ungechambua pembeni ungeonyesha za kwanza zote. Hesabu yenyewe inasema.

Bi_Mwanahawa

Walioingia waliitana kwenye mizani na kwenye mkasi, hilo nalo limo kwenye hesabu. Ila nakubali dakika kumi na saba ni nyingi. Zuhura, wale waliokuomba urudishe vipande, ungewaambia "namba yake inakuja" na kukitupia juu kabisa ya kapu.

Kijana_wa_simu

Wasiolipa tisa ni wengi. Uliona majina yao yamewahi kununua kwako?

Zuhura_blauzi

Wawili ndiyo. Saba ni wageni, wameingia siku hiyohiyo. Nafikiri belo lijalo wageni walipe kwanza kisha nibane pini, wateja wangu wa siku zote nusu saa yao ibaki. Sijui kama wageni hawatakasirika.

Neema_wa_mbali

Mimi kama mgeni ningekasirika kidogo. Lakini ningelipa, kama nimeona mikanda ikikatwa.

Chapa_Jioni

Dada samahani natoka kidogo nje, zile 14 za matambara unauzaje? Kwangu zinajaa nashindwa pa kuzipeleka.

Zuhura_blauzi

Bado zipo kwenye gunia lilelile. Mafundi wa magari na wachoraji wa mabango hununua kwa kilo, ila nimeanza kuwaulizia leo tu. Nikipata jibu nitaliandika hapa.